Vilaneli: maneno ni yale yale, maana inabadilika

Katika wimbo wa kwaya, kiitikio kinarudi kama kilivyokuwa, na watu wanafurahi. Kuna shairi moja ambalo halikubali hivyo. Wafaransa wanaliita vilaneli. Jean Passerat aliandika moja juu ya njiwa wake aliyepotea. Lilichapwa mwaka 1606, yeye akiwa amekwisha kufa, na umbo lake njo lile tunalofuata leo.

Mistari ni 19: beti tano za mistari mitatu, na ubeti wa mwisho wa mistari minne. Mustari wa kwanza na wa tatu inarudi kwa zamu kufunga kila ubeti, kisha inakutana mwishoni. Vina ni viwili tu. Tazama hili, tumelitunga kwa ajili ya nyumba za wachimbaji:

Baba ameenda kazi,
hewa iingie ndani,
acheni mulango wazi.

Mwenye deni la mavazi
asimama uwanjani:
Baba ameenda kazi.

Mama hataki malazi,
anatazama njiani:
acheni mulango wazi.

Shimo limekula ngazi,
twamuambia jirani:
Baba ameenda kazi.

Ndugu, rafiki, wazazi
wajaa kote nyumbani:
acheni mulango wazi.

Mutoto ala viazi
akiimba barazani:
Baba ameenda kazi,
acheni mulango wazi.

Hatukugusa hata neno moja la mistari ile miwili. Asubuhi “Baba ameenda kazi” ni habari tu. Mbele ya mwenye deni inakuwa kisingizio. Pengine baba amejificha chumbani! Shimo likianguka, ni kukataa kuamini. Mulango nao ulikuwa wa hewa, halafu wa kungojea, halafu wa watu wa matanga.

Kinachogeuza maana ni mustari ulio juu yake: unaleta saa nyingine, ao mutu mwingine anayesema. Kwa hiyo anza kwa kutunga mistari miwili inayorudi, yenye kina kimoja, halafu ujiulize: watu watatu tofauti wanaweza kuisema? “Baba alikufa shimoni” ni mustari wenye nguvu, lakini umekwisha sema yote, hauna pa kwenda. Chagua maneno ya kila siku, yale yanayosemwa nyumbani bila kufikiri.

Kosa la kawaida ni beti zote kubaki katika saa moja. Utalitambua hivi: hamisha mistari ya katikati kutoka ubeti wa pili kwenda wa nne. Kama hakuna kilichoharibika, maana haikusogea. Hapo andika upya mistari ya katikati, kiitikio usikiguse.

Ubeti wa mwisho njo mugumu kuliko yote, kwa sababu mistari miwili inasimama pamoja. Sisi tuliwapa mutoto. Yeye anaimba alichosikia asubuhi ile, na wakubwa wote barazani wananyamaza.