Kuficha sauti ya mtoa habari: Kwa nini mashine pekee haitoshi

Sauti nzito ya kukoroma, inayotoka katika kivuli cha mtu asiyeonekana uso, ni jambo lililozoeleka kwa watazamaji wa taarifa za uchunguzi. Kila aisikiapo, mtazamaji huelewa kwamba anayezungumza amefichwa. Hata hivyo, mara nyingi mtu huyo hajafichwa. Sauti yake imegeuzwa tu, na kilichogeuzwa kwa mashine aghalabu huweza kurudishwa kwa mashine.

Tatizo hilo lina upande wa pili. Mhariri anayehofia usalama wa mtoa habari huweza kuiharibu sauti mno, hadi msikilizaji ashindwe kujua nani alifanya nini. Hapo mtoa habari amejiweka hatarini, nao umma haukuambulia kitu.

Ili kuona njia ya kukwepa hasara zote mbili, ni vyema kwanza kufahamu kinachomfanya mtu atambulike kwa sauti.

Tabaka tatu za sauti

Tabaka ya kwanza ni kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kidatu hutokana na mtetemo wa nyuzi za sauti kooni. Kwa kawaida, nyuzi za mwanamume mzima hutetemeka kati ya mara 85 na 180 kwa sekunde anapozungumza, na za mwanamke kati ya mara 165 na 255.

Tabaka ya pili ni mwangwi wa koo, kinywa na pua. Mwangwi huo ndio unaoipambanua irabu a na i, na kwa kuwa hutegemea urefu na umbo la viungo vya kila mtu, ndio pia unaoipa sauti sura yake.

Tabaka ya tatu ni mwendo wa usemi: kasi, mahali pa kupumzika, lafudhi, kicheko, kigugumizi, na maneno ambayo mtu huyarudia bila kujua. Watu wa nyumbani na wafanyakazi wenzake humtambua zaidi kwa tabaka hii.

Mashine ya kubadili sauti hugusa tabaka ya kwanza, na pengine ya pili. Ya tatu huiacha nzima.

Jinsi sauti inavyorudishwa

Chukulia mfano wa karani wa ghala la dawa katika hospitali ya umma, anayeeleza jinsi maboksi ya dawa yanavyotolewa usiku na kuuzwa mitaani. Sauti yake hutetemeka takriban mara 120 kwa sekunde. Fundi wa studio anafungua programu ya kuhariri sauti, kwa mfano Audacity, anachagua `Change Pitch` na kuishusha sauti kwa nusu toni nne. Nusu toni ni umbali kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kile kinachofuata. Mtetemo unashuka hadi takriban mara 95 kwa sekunde, na karani anasikika kama mtu mwingine, mnene na mzee zaidi.

Mahojiano yanatangazwa. Mkubwa wa ghala anairekodi taarifa, anamkabidhi kijana mwenye kompyuta, naye anafungua programu ile ile na kuipandisha sauti kwa nusu toni nne. Karani anarudi kama alivyokuwa, akiwa na mikwaruzo michache tu. Kijana huyo hahitaji hata kuambiwa kiasi kilichotumika. Atajaribu nusu toni mbili, tatu, nne, tano, na ile inayotoa sauti ya kawaida ya binadamu ndiyo jibu. Kazi nzima huchukua dakika chache.

Hiyo ndiyo sababu miongozo ya uhariri ya Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) hupendelea maneno ya mtoa habari yasomwe na mtu mwingine badala ya kupotoshwa kwa mitambo, kwa kuwa upotoshaji wa mitambo huweza kutenguliwa.

Maneno yanapopotea

Fundi anayetambua hatari hiyo hushawishika kuongeza kipimo: nusu toni nane badala ya nne, pamoja na mwangwi wa bandia na mkwaruzo. Hapo ndipo Kiswahili kinapoumia kwa namna yake.

Katika Kiswahili, mtenda, wakati na mtendwa hubebwa na silabi fupi zilizo mbele ya mzizi wa kitenzi, ilhali mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi zenye habari nzito ndizo hutamkwa kwa wepesi. "Nilimpa dereva maboksi 40" ni kukiri kosa. "Alimpa dereva maboksi 40" ni kumshutumu mwingine, na "walimpa" ni kuwashutumu wengi. Tofauti ya "alimpa" na "walimpa" ni mguso mfupi wa midomo, unaomezwa mapema mno sauti inapokorogwa.

Konsonanti nazo hazisalimiki. Sauti za s, sh na f hutambulika kwa mvumo wake wa juu. Mvumo huo ukishushwa au ukikatwa, "alifika" na "alishika" hukaribiana. Irabu pia husogea pamoja na kidatu. Kuweka maandishi chini ya picha husaidia katika televisheni, lakini redioni hakuna msaada huo.

Msomaji badala ya mashine

Njia iliyo salama zaidi, na inayoyahifadhi maneno yote, ni kumwondoa kabisa mtoa habari katika sauti inayotangazwa. Njia hii si ngeni. Kati ya 1988 na 1994, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kutangazwa kwa sauti za wawakilishi wa makundi kadhaa ya Ireland ya Kaskazini, kikiwamo chama cha Sinn Fein. Vituo vya utangazaji viliajiri waigizaji kusoma maneno ya viongozi hao, na mwigizaji Stephen Rea alikuwa miongoni mwa waliosoma maneno ya Gerry Adams. Lengo halikuwa kumficha mtu, kwani nyuso zilionekana, lakini watazamaji walielewa kila neno.

Kwa karani wa ghala, kazi huanza kwa kuyaandika mahojiano yote neno kwa neno. Kisha mhariri huyapitia maandishi akitafuta kinachomtaja karani bila kumtaja. Akisema "mimi ndiye niliyebaki na funguo usiku ule", na ghalani kuna mshika funguo mmoja tu, sentensi hiyo imemfichua hata ikisomwa na nani. Hukatwa, au kwa ridhaa yake husemwa kwa upana zaidi, bila kugeuza ukweli wa tukio.

Baada ya hapo, msomaji huyasoma maandishi kwa lafudhi yake mwenyewe na kwa mwendo wa kawaida. Haigizi kilio wala hasira ambayo haikuwapo, wala haigi msemo wa karani, maana kuiga huirudisha ile tabaka ya tatu iliyokusudiwa kuondolewa. Msikilizaji hujulishwa mwanzoni kwamba maneno ni ya mtoa habari na sauti ni ya msomaji. Faida nyingine ni kwamba sauti za mazingira, kama adhana ya msikiti wa jirani au honi ya treni, hazimo tena, kwani rekodi inayotangazwa ni mpya.

Kosa la hatari hutokana na mazoea. Taarifa za kigeni zinapotafsiriwa, sauti ya asili huachwa isikike sekunde mbili au tatu, kisha hupunguzwa ikaendelea chini ya sauti ya mfasiri. Mtindo huo ukitumiwa hapa, kazi yote imeharibika, kwa kuwa sekunde hizo mbili zinamtosha mke, jirani au mkubwa wa kazi kumtambua mtu. Sauti ya asili haipaswi kuwamo hata kidogo.

Kupima kabla ya kutangaza

Pale ambapo hapana budi kutumia mashine, majaribio mawili husaidia. La kwanza hupima ueleweko. Mtu asiyeyajua mahojiano husikiliza mara moja kupitia simu ya kawaida, kisha huandika alichosikia. Mhariri hulinganisha hasa vitenzi, tarakimu na majina. Iwapo "alimpa" imeandikwa "walimpa", sauti hiyo haifai kutangazwa.

La pili hupima ufiche. Wengi humuuliza mtoa habari mwenyewe kama anajitambua, na hapo hukosea, kwa sababu mtu huisikia sauti yake kila siku kupitia mifupa ya kichwa pamoja na hewa, hivyo rekodi yake humshangaza hata isipobadilishwa. Ni bora vipimo vile vile vitumiwe kwa sauti ya mfanyakazi wa chumba cha habari, kisha wenzake waulizwe ni nani. Wakimtaja, na karani atatajwa na wenzake.

Mpaka wa njia zote

Hata hivyo, sauti ni mlango mmoja tu. Mwezi Septemba 2013, katika kesi ya William Ruto na Joshua Sang iliyosikilizwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai mjini The Hague, shahidi wa kwanza alitoa ushahidi akiwa amefichwa uso na kubadilishwa sauti kwa wasikilizaji wa nje. Haukupita muda kabla ya jina lililodaiwa kuwa lake kusambazwa mtandaoni, na mahakama ikalazimika kuonya kwamba kumfichua shahidi aliyelindwa ni kosa.

Mahakama ina uwezo wa kuingia katika kikao cha faragha shahidi anapogusia jambo linaloweza kumtambulisha, na kumwadhibu anayemfichua. Chumba cha habari hakina uwezo huo. Kikishatangaza, hakiwezi kuyarudisha maneno.

Kwa sababu hiyo, hatua ya mwisho hufanyika baada ya matangazo. Rekodi ya asili iliyomo katika simu, kinasa sauti, kompyuta na kadi ya kumbukumbu hufutwa, au huwekwa mahali pamoja penye ulinzi, kwa makubaliano na mtoa habari na ushauri wa wakili, endapo itahitajika kama ushahidi. Sauti iliyofichwa kwa ustadi hewani haimsaidii karani iwapo nakala yake halisi, yenye tarehe na jina lake, ingali ndani ya kompyuta ambayo kila mtu ofisini anaifungua.