Barua Pepe Zikianza Kuzunguka

Tuchukue mfano wa chuo kimoja cha Dodoma kinachonunua meza 40 kwenye karakana ya samani iliyoko Keko, Dar es Salaam. Ofisa manunuzi anauliza bei kwa barua pepe. Karakana inajibu: shilingi 150,000 kwa meza, "bei inajumuisha kila kitu". Chuo kinatoa LPO ya shilingi milioni 6, kisha inakuja ankara ya 7,080,000. Ofisa anaandika: "Mlisema kila kitu." Karakana inajibu: "Ndiyo, kila kitu, usafiri na kufunga. VAT iko palepale." Ofisa anarudia swali kwa herufi nzito. Karakana inarudia jibu lilelile. Barua ya tano inamwingiza mkuu wa chuo kwenye nakala.

Hapo hakuna anayedanganya. Kila mmoja ana maana yake ya "kila kitu", na kila barua mpya inaikaza zaidi. Watafiti wa mawasiliano Alan Dennis na Joseph Valacich walitenganisha kazi mbili: kupelekeana taarifa, na kufikia uelewa mmoja. Kazi ya kwanza barua pepe inaimudu vizuri kuliko simu, maana msomaji anasoma kwa nafasi yake na anaweza kurudia. Ya pili inahitaji mtu aweze kukatiza na kuuliza, "Subiri, unaposema usafiri, una maana gani?" Kwa hiyo sihesabu barua ngapi zimeandikwa. Barua kumi na tano za kupanga ratiba ya kupokea mzigo zinaweza kuwa sawa kabisa. Ninachoangalia ni kama swali lilelile limeulizwa mara ya pili na kujibiwa kwa maneno yaleyale. Likifika hapo, barua ya tatu haitasaidia.

Dalili nyingine ni huyo mkuu aliyeingizwa kwenye nakala. Kuanzia hapo fundi wa Keko hamjibu ofisa tena. Anajitetea mbele ya shahidi. Na maandishi yanazidisha ukali usiokusudiwa. Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao, walionyesha mwaka 2005 kwamba waandishi wa barua pepe wanaamini sana kuwa msomaji ataitambua sauti yao, kama ni utani au ni kweli, kumbe msomaji anakaribia kubahatisha.

Sasa kuomba simu. "Naomba tuongee," peke yake, kutoka kwa mteja mwenye pesa, inamtia mtu hofu: kuna nini? "Nipigie" nayo inamtwisha gharama na kumfanya aonekane aliyeitwa. Anayependekeza ndiye apige, na aseme anataka nini. Mwandikie mhusika peke yake, nje ya ile nakala:

"Habari za kazi, kaka. Nimesoma tena barua zetu, naona swali langu la VAT halikueleweka vizuri. Ukiniruhusu nikupigie leo saa 8 mchana au kesho saa 4 asubuhi, dakika kumi tu, tuangalie ankara mstari kwa mstari. Tukimaliza nitaandika tulichokubaliana. Kama saa hizo hazikufai, nitajie yako."

Kosa limewekwa kwenye swali, si kwa mtu. Dakika zimetajwa, kwa hiyo anajua si kikao cha kumhoji. Na ahadi ya kuandika ni muhimu kuliko vyote, kwa sababu wengi hung'ang'ania barua pepe wakiogopa kukosa ushahidi. Kama anayepigiwa ni mzee au mkubwa wako kazini, shikamoo kwanza, kisha muulize kama nafasi bado ipo.

Katika simu hiyo inajulikana kuwa bajeti ya chuo ni milioni 6 na nusu. Karakana haiwezi kufuta VAT, lakini inakubali kupunguza idadi: meza 36 ni 5,400,000, na VAT ya asilimia 18 ni 972,000, jumla 6,372,000. Jambo hilo lisingetokea kwa barua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika bajeti. Ila ofisa hana mamlaka ya kupunguza meza. Hapo ndipo panapostahili kikao cha watu watatu, pamoja na mkuu, na si kabla.

Kuna mahali nisingepiga kabisa. Zabuni ikiwa bado wazi, ufafanuzi huandikwa na kupelekwa kwa wazabuni wote. Simu ya pembeni kwa mmoja inaweza kuharibu mchakato mzima.

Siku hiyohiyo, ofisa arudi kwenye barua ileile, wote wa nakala wakiwemo: "Tumezungumza leo. Tumependekeza meza 36 kwa 6,372,000 pamoja na VAT, usafiri na kufunga. Tunasubiri idhini ya mkuu, kisha LPO ya awali itafutwa na mpya kutolewa. Kama nimekosea mahali, naomba nisahihishwe kabla ya kesho jioni."