Dakika Kumi za Maji Magumu: Wanafunzi Wanapofundishana Kemia

Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mawe hayo yakiwa yamebeba kaboni dayoksaidi ya angani na ya udongoni, na kidogo kidogo huyeyusha chokaa. Anayechota maji ya kisima na kufulia sabuni ya mche huyajua matokeo: povu halitoki upesi, na juu ya beseni huelea utando wa kijivu. Karibu kila mtoto wa huko ameuona utando huo kabla hajaingia darasani kusoma kemia. Ndiyo maana ugumu wa maji ni mada nzuri ya kuonyesha jinsi wanafunzi wanavyoweza kufundishana, na pia jinsi kufundishana huko kunavyoweza kuharibika.

Kifurushi cha zoezi lenyewe ni bahasha moja kwa kila kikundi cha wanafunzi wanne. Ndani yake mna kadi ya mada, kurasa mbili za maelezo, orodha ya vifaa, karatasi ya kupangia somo la dakika 10, na karatasi tupu iliyoandikwa juu yake “Maswali tunayoyatarajia”. Kikundi hupewa wiki moja kujiandaa, kisha husimama mbele ya darasa na kufundisha. Hiyo karatasi tupu ndiyo yenye uzito kuliko vyote, na nitaieleza kwa kirefu.

Kazi ya kwanza ni kupunguza. Wanafunzi wakiachiwa mada ya “maji magumu” watataka kueleza kila kitu: mapango ya chokaa, mabomba yanayoziba, faida ya kalsiamu kwenye mifupa, na njia zote za kulainisha maji. Dakika 10 zitaisha wakiwa bado wanasoma daftari kwa sauti. Kwa hiyo kadi ya mada huwadai sentensi moja inayosema wenzao wataweza kufanya nini somo likiisha. Kwa mfano wetu, sentensi hiyo ni hii: wenzetu wataweza kutumia sabuni kujua ni sehemu gani ya ugumu wa maji inayoondoka kwa kuchemsha, na ipi isiyoondoka. Jambo lisiloitumikia sentensi hiyo linakatwa, hata likiwa zuri kiasi gani.

Sasa twende kwenye jaribio, kwa sababu somo lote limesimama juu yake. Kikundi kinanyoa gramu 5 za sabuni ya mche na kuziyeyusha katika nusu lita ya maji ya mvua ya vuguvugu. Maji ya mvua yanatakiwa hapa kwa sababu maji ya kisima yangeanza kuila sabuni kabla jaribio halijaanza. Sabuni nayo iwe ya mche, wala si ya unga. Sabuni nyingi za unga zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu, na kikundi kinachozitumia kitaona chupa zote zikijaa povu, kisha kitatangaza kwamba kisima chao hakina ugumu. Vitabu vingine hutaka sabuni iyeyushwe katika spiriti. Kwa wanafunzi wanaokaa karibu na jiko la kuchemshia maji nisingekubali, kwa sababu spiriti hushika moto upesi mno.

Halafu wanapanga chupa nne zinazofanana, kila moja ikiwa na mililita 50. Ya kwanza ina maji ya mvua. Ya pili ina maji ya kisima kama yalivyochotwa. Ya tatu ina maji ya kisima yaliyochemshwa kwa dakika 15, yakapozwa, yakachujwa, kisha yakaongezwa maji ya mvua kufidia yaliyopotea kwa mvuke. Kikundi kikisahau kufidia, kilichobaki katika maji kitakuwa kimekolea zaidi na hesabu itapotoka. Ya nne ina maji ya kisima yaliyotiwa soda ya kufulia kiasi cha ncha ya kijiko, yakaachwa yatulie na kuchujwa. Kwa kutumia sirinji isiyo na sindano wanatia myeyusho wa sabuni mililita moja moja, wanafunga chupa na kuitikisa. Wanaacha kuongeza pale povu linapodumu juu ya maji kwa nusu dakika.

Tuseme chupa ya mvua imehitaji mililita 1, ya kisima 9, ya yaliyochemshwa 4, na ya soda 1. Hapa ndipo kemia ilipo. Mililita 1 ya maji ya mvua ndiyo sabuni inayohitajika kutoa povu tu, pasipo ugumu wowote. Maji ya kisima yamehitaji 8 zaidi. Sabuni hiyo ya ziada haikupotea: imeungana na kalsiamu na magnesiamu zilizomo majini na kugeuka utando. Hizo zikiisha, ndipo tone la sabuni linalofuata linapoweza kutoa povu. Kwa kuchemsha, matumizi yameshuka kutoka 9 hadi 4, kwa hiyo sehemu 5 kati ya 8 zimeondoka. Huo ndio ugumu wa muda, unaotokana na kalsiamu haidrojeni kaboneti. Moto huivunja hivi:

Ca(HCO3)2 → CaCO3 + H2O + CO2

Kalsiamu kaboneti haiyeyuki vizuri majini, hivyo huganda; ndiyo ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. Sehemu 3 zilizobaki ni ugumu wa kudumu, kwa mfano wa kalsiamu salfeti, ambayo haivunjwi na mchemko. Soda ya kufulia huiondoa kwa sababu huleta kaboneti kutoka nje, na kalsiamu huganda nayo.

Kikundi kikifika hapa hujiona kimemaliza. Kwa hakika ndipo pa kuanzia. Mwaka 2007 watafiti Rod Roscoe na Michelene Chi walichapisha uchambuzi wa tafiti kuhusu wanafunzi wanaowafundisha wenzao. Waliona kwamba wengi hukariri tu kile wanachokijua tayari, na kukariri huko huwaongezea kidogo. Anayefundisha hujifunza zaidi anapolazimika kuunganisha mambo, kugundua penye pengo katika uelewa wake, na kueleza upya. Mara nyingi kinachomlazimisha ni swali zito kutoka kwa msikilizaji.

Sasa turudi kwenye ile karatasi tupu. Siku mbili kabla ya somo, kikundi hufanya majaribio ya kufundisha mbele ya mwalimu au mbele ya kikundi kingine, na karatasi hiyo hujazwa hapo. Mwalimu asisahihishe. Aulize. “Sabuni mliyotia katika chupa ya pili imekwenda wapi?” Jibu la kwanza huwa ni kwamba maji yameikataa. “Imekataliwa ikaenda wapi?” Wanafunzi huitazama chupa, huuona utando, na mmoja wao husema labda ni ule. Ukipatikana ufahamu kwamba utando ndiyo sabuni yenyewe iliyobadilika, somo lote linakaa sawa, kwa sababu sasa idadi ya mililita ina maana: ni kipimo cha kalsiamu na magnesiamu, na wala haielezi tu kwamba maji haya ni mabaya kuliko yale.

Kuna makosa mengine matatu ambayo mwalimu ayategee sikio. La kwanza ni kuuchanganya utando wa beseni na ukoko wa birika kana kwamba ni kitu kimoja. Utando hauwezi kutokea bila sabuni. Ukoko haujui sabuni kabisa, hutokana na moto. Swali la kulifichua ni fupi: “Birika la nyumbani halijawahi kutiwa sabuni, mbona lina ukoko?” La pili ni kudhani kwamba ugumu wa muda huondoka wenyewe maji yakilala mtungini usiku kucha. Dawa yake ni chupa ya tano, ya maji ya kisima yaliyolala ndani ya chombo kilichofunikwa, na sabuni iamue. La tatu ni kudhani maji magumu ni maji ya chumvi. Hili la tatu lina mtego kwa shule za pwani. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa kimeingiliwa na maji ya bahari, na chumvi nyingi nayo huzuia povu. Kikundi kikionja maji yakawa na chumvi dhahiri, kichukue maji ya kisima kingine, maana hesabu ya hapo itababaisha darasa zima.

Suala la lugha nalo lisiachwe hadi dakika ya mwisho. Katika sekondari nyingi za Tanzania kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kutoa sentensi safi za kitabu pasipo kuzielewa. Naona ni bora mazoezi yote yafanyike kwa Kiswahili, pamoja na maswali na ubishi wake, kisha Kiingereza kiandaliwe mwishoni kwa maneno ambayo kikundi kimeshayamiliki. Mwanafunzi aliyekwisha kueleza kwa Kiswahili sabuni imekwenda wapi hatakwama sana akiulizwa swali hilo kwa lugha ya mtihani.

Siku ya somo, dakika 10 hugawanywa bila usawa. Dakika 2 za kuweka swali: kwa nini kisima kinakula sabuni? Dakika 5 za chupa, huku maji ya kuchemshwa yakiwa yameandaliwa mapema, kwani hakuna muda wa kusubiri mchemko. Kabla ya kila chupa wasikilizaji huandika idadi ya mililita wanayoikisia, ili wawe na dau katika matokeo. Dakika 3 za mwisho ni za kuifafanua ile tofauti ya 9 na 4. Baada ya hapo darasa lina dakika 10 za kuuliza. Kipindi cha dakika 40 kinatosha vikundi viwili hivyo, bila nafasi ya kuchelewa.

Mwalimu naye anabakiza jukumu moja ambalo haliwezi kukabidhiwa kwa mwanafunzi. Kosa likisemwa mbele ya darasa, watu 50 wamelisikia kutoka kwa mwenzao wanayemwamini. Hapaswi kumkatiza msemaji, lakini hapaswi pia kuliacha lilale. Mwisho wa maswali analirudisha kama swali kwa kikundi, na wakishindwa, analijibu mwenyewe siku hiyohiyo.

Matokeo hayapimwi kwa makofi. Wiki moja baadaye mwalimu analeta hesabu mpya ubaoni: maji ya mvua mililita 1, maji ya mto 6, maji hayohayo baada ya kuchemshwa 6. Kila mwanafunzi, aliyefundisha na aliyefundishwa, anaandika ugumu huo ni wa aina gani, na kama mama anayefulia kwa maji hayo atafaidika kwa kuyachemsha au anunue soda.