Hewa iliyo chini ya jiwe la mizani

Jiwe la mizani la gramu 200, lililotengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, lina ujazo wa sentimita za ujazo 25 hivi. Likiwekwa juu ya sahani ya mizani, linaondoa hewa ya ujazo huohuo, na hewa hiyo nayo ina uzito. Matokeo yake ni yale ya ndoo ya maji ambayo huwa nyepesi ikiwa bado ndani ya kisima: hewa inalisukuma jiwe kwenda juu, na mizani inahisi pungufu ya kile kilichomo. Katika maabara ya Dar es Salaam, ambako sentimita moja ya ujazo ya hewa ina takriban miligramu 1.17, jiwe hilo linapunguziwa miligramu 29. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi zaidi kwa sababu ya mwinuko, linapunguziwa karibu miligramu 24.5. Mizani ya uchambuzi ya kawaida husoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, kwa hiyo tofauti ya miji hii miwili ni kubwa kwake mara nyingi.

Hata hivyo, mafundi wengi hufanya ugezi wa mizani bila kuikumbuka hewa, na mara nyingi hawakosei. Sababu ni makubaliano ya kimataifa ambayo Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Kisheria, OIML, limeyaandika katika waraka wake R 111. Thamani inayoandikwa kwenye cheti cha jiwe kwa kawaida si tungamo halisi, bali ni tungamo la makubaliano. Hilo ni tungamo la jiwe la kufikirika, lenye densiti ya kilogramu 8000 kwa mita ya ujazo, ambalo lingelingana mizani na jiwe lililopimwa katika nyuzi 20 za selsiasi na hewa ya kilogramu 1.2 kwa mita ya ujazo. Densiti ya 8000 iko karibu sana na ile ya chuma cha pua. Hivyo jiwe halisi na lile la kufikirika hunyanyuliwa na hewa karibu sawasawa, na msukumo wa hewa unajifuta wenyewe.

Neno la kuangaliwa hapo ni “karibu”. Kwa mawe ya daraja la F1 yenye gramu 100 au zaidi, R 111 inaruhusu densiti kati ya 7390 na 8730. Mipaka hiyo iliwekwa kwa hesabu maalumu: hewa ikitofautiana na 1.2 kwa asilimia 10, kosa linalotokea lisizidi robo ya kosa linaloruhusiwa kwa jiwe. Dar es Salaam iko ndani ya asilimia hiyo 10. Nairobi haimo, wala haimo miji mingine ya nyanda za juu, na huko ndiko sahihisho la hewa linapostahili kuhesabiwa badala ya kudhaniwa.

Kwanza hutafutwa densiti ya hewa ya chumba. Vinahitajika vipimo vitatu vilivyochukuliwa kando ya mizani: joto, kanieneo ya hewa na unyevu. Kanuni iliyorahisishwa inayotumiwa na maabara nyingi ni hii, `p` ikiwa hektopaskali, `h` asilimia ya unyevu na `t` nyuzi za selsiasi:

```
ρa = (0.34848·p − 0.009·h·exp(0.061·t)) / (273.15 + t)
```

Tuseme maabara ya Nairobi ina hektopaskali 835, nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50. Jibu ni kilogramu 0.98 kwa mita ya ujazo, yaani 0.22 chini ya hewa ya makubaliano. Jiwe la gramu 200 linalotumika lina densiti ya 7950. Ujazo wake unalizidi jiwe la kufikirika kwa sentimita za ujazo 0.157. Ukizidisha 0.157 kwa 0.22 unapata miligramu 0.035, na kwa kuwa hewa nyepesi inalinyanyua jiwe hili kidogo kuliko cheti kilivyochukulia, kiasi hicho huongezwa kwenye thamani ya cheti. Kwa mizani inayosoma 0.1 mg hakionekani. Kwa ile inayosoma 0.01 mg ni hatua tatu au nne za kioo. Jiwe la F1 lenye densiti ya chini kabisa inayoruhusiwa, 7390, lingeleta karibu miligramu 0.45, na kosa lote linaloruhusiwa kwa jiwe hilo ni miligramu 1.

Kosa linaloharibu hesabu hii kimyakimya ni la kanieneo. Takwimu za hali ya hewa mara nyingi hutolewa zikiwa zimeshushwa hadi usawa wa bahari, na Nairobi zinaweza kusema 1018 badala ya 835. Namba hiyo ikiingizwa kwenye kanuni, hewa inakuwa 1.196, sahihisho linatoweka, na karatasi inaonekana safi kabisa. Dalili ni rahisi kuitambua: mahali palipo mita 1,600 au zaidi juu ya bahari hapawezi kuwa na zaidi ya hektopaskali 1000.

Sehemu ya pili ya sahihisho husahaulika zaidi, ingawa ni nzito kuliko ya kwanza. Inahusu mabadiliko ya hewa tangu mizani iliporekebishwa mara ya mwisho. Hapa densiti za mawe hazifutani, kwa sababu jiwe lililotumika kurekebisha halipo tena kwenye sahani. Ujazo wote wa sentimita 25 unahesabika. Kiyoyozi kikizimwa na chumba kikapanda kutoka nyuzi 22 hadi 27, hewa ya Nairobi hupungua kwa takriban 0.016, na jiwe la gramu 200 huonekana kuongezeka kwa miligramu 0.4. Kanieneo ya ukanda wa tropiki nayo hushuka kila siku kwa hektopaskali chache kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hektopaskali tatu ni karibu miligramu 0.09.

Ndiyo maana utaratibu mzuri ni kusoma kwanza mizani kama ilivyokutwa, kisha kuirekebisha, kwa jiwe lake la ndani kama inalo, na kuanza ugezi papo hapo. Mizani iliyorekebishwa Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Nairobi ingezidisha miligramu 4.8 kwa sababu ya hewa peke yake, huku upungufu wa nguvu ya uvutano ukipunguza takriban miligramu 100 kwa gramu 200. Marekebisho ya mahali husika huondoa yote mawili kwa pamoja. Yasipofanywa, mabadiliko ya hewa huingizwa kwenye mashaka ya kipimo.

Ugezi uliofanywa hivyo unaithibitisha mizani kwa vitu vyenye densiti ya chuma tu. Maji yanayosomeka gramu 100 kwenye mizani hiyohiyo ya Nairobi yana tungamo linalozidi hapo kwa miligramu 86 hivi, na Dar es Salaam kwa 103, kwa kuwa ujazo wao ni mara nane ya ule wa chuma. Sahihisho hilo halimo kwenye cheti cha mizani; hulifanya mtumiaji, kwa densiti ya kitu anachokipima na ya hewa ya saa hiyo.