Fiksi Iliyovunjwa Siku ya 219

Tumchukue mama mmoja mwenye duka la vitenge Mwanza. Ameweka benki shilingi milioni 12 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Watu wa benki huiita amana ya muda maalumu. Mitaani inajulikana kama fiksi. Mama anajua kwamba mwaka ukiisha riba yake itakuwa shilingi 1,080,000, na hesabu hiyo ameipiga mara nyingi kichwani akifunga duka jioni.

Siku ya 219 jirani yake anahama na kuachia fremu ya kona, ile inayotazama stendi. Kilemba ni milioni 6, na mwenye nyumba anazitaka ndani ya wiki. Mama anakwenda benki kuvunja fiksi. Njiani anajiambia kwamba riba ya mwaka mzima ataikosa, sawa, lakini ya siku 219 ni haki yake. Siku hizo ni sehemu sita katika kumi za mwaka, kwa hiyo anatarajia shilingi 648,000, pungufu ya faini kidogo.

“Shikamoo mama,” anasema kijana wa benki, na baada ya kuitikiwa anamgeuzia karatasi iliyotoka kwenye mashine. Mstari wa chini umeandikwa 324,000. Ni nusu kamili ya alichotarajia.

Namba hizi ni za mfano, kwa kuwa kila benki ina viwango vyake na masharti yake. Hata hivyo, mtiririko wa hesabu ni ule unaotumika katika benki nyingi, na inafaa kuufuata hatua kwa hatua, kwa sababu wateja wengi hudhani fedha yao imeliwa na faini. Katika karatasi ya mama huyu, faini si iliyokula zaidi.

Kilichokula zaidi ni kubadilishwa kwa kiwango cha riba. Ile asilimia 9 ilikuwa bei ya fedha itakayotulia benki miezi 12. Fedha ya miezi 6 ina bei yake, ambayo kwa kawaida ni ndogo. Katika mfano huu ni asilimia 6. Mama alipovunja siku ya 219, benki ilihesabu kwamba amana yake imetimiza kipindi cha miezi 6 lakini haijafika 12, ikamshusha kwenye kiwango cha miezi 6 tangu siku ya kwanza. Si kwamba asilimia 9 ilifanya kazi mpaka siku ya kuvunja. Kwa mkataba, ni kama haikuwahi kuwepo. Hapo 648,000 ikawa 432,000, na shilingi 216,000 zikaondoka kabla neno faini halijatajwa.

Ndipo faini ikaja. Benki nyingi huitoza kwa kupunguza pointi ya asilimia moja au zaidi kwenye riba, na hapa tuseme ni moja. Asilimia 6 ikawa 5, na riba ikashuka hadi 360,000. Faini yenyewe, basi, ni shilingi 72,000, theluthi moja tu ya kile kilichochukuliwa na mabadiliko ya kiwango. Mwisho ikakatwa kodi ya zuio, ambayo kwa riba ya benki Tanzania ni asilimia 10 (nchini Kenya ni 15). Hiyo ni shilingi 36,000 inayokwenda Mamlaka ya Mapato, na mama angeikatwa hata kama angevumilia mpaka mwaka uishe. Zikabaki 324,000.

Ndiyo maana swali ambalo wateja huuliza wanapofungua akaunti, “faini yenu ni asilimia ngapi?”, halitoshi. Ofisa atajibu “moja tu, mama”, na atakuwa amesema kweli.

Benki nayo ina sababu zake, na si uchoyo mtupu. Fedha ya fiksi haikai kwenye kasha. Siku chache baada ya kuwekwa imeshakopeshwa kwa mfanyabiashara mwingine, au imenunua dhamana za serikali ambazo nazo zina tarehe ya kuiva. Akaunti ya akiba ya kawaida hulipa riba ndogo kwa sababu mwenyewe anaweza kuichota asubuhi yoyote. Fiksi hulipa zaidi kwa sababu mwenyewe ameahidi kutoigusa. Ahadi ikivunjika, benki inatafuta fedha nyingine ya kuziba pengo, pengine kwa bei ya juu. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kwa nini ufafanuzi huu mara nyingi hukaa kwenye herufi ndogo za ukurasa wa pili wa fomu, mahali ambapo mteja aliyesimama dirishani na foleni nyuma yake hawezi kuusoma.

Kuna sura nyingine ya jambo hili inayouma zaidi. Benki nyingi humruhusu mteja kuchukua riba kila mwezi badala ya kungoja mwisho. Tuseme mama yetu alichagua hivyo: kila mwezi shilingi 90,000, na baada ya kodi 81,000, ziliingia kwenye simu yake. Katika miezi saba amepokea 567,000, na zimeshakwenda kwenye ada na mchele. Akivunja fiksi, benki inafanya hesabu ileile na kukuta anastahili 324,000. Zile 243,000 zilizozidi zinarudishwa, na mahali pekee pa kuzichukua ni kwenye ile milioni 12. Mama anaondoka na 11,757,000. Aliweka fedha benki, ikatoka imepungua, na kwake hakuna neno linalofaa isipokuwa wizi.

Si wizi, ila hapo kuna jambo la kukagua. Riba ile iliyozidi ilikuwa imeshakatwa kodi. Ikiwa benki itamdai kwa kiasi cha kabla ya kodi, itachukua 270,000 badala ya 243,000, na tofauti ya 27,000 ni kodi ya riba ambayo mwishowe hakuipata. Mteja aliyefika hatua hii aombe karatasi yenye mistari yote: riba iliyolipwa, kodi iliyokatwa, riba anayostahili, na kiasi kinachorudishwa. Kama benki imedai kiasi cha kabla ya kodi, ana haki ya kuuliza ile 27,000 inarudi kwake kwa njia gani.

Je, mama angefanya nini siku ile ya 219? Angeuliza habari ya mkopo kwa dhamana ya fiksi yenyewe. Benki nyingi zinao, na ni mwepesi kuliko mikopo mingine kwa sababu dhamana tayari iko mikononi mwao. Hukopesha sehemu kubwa ya amana, ingawa si yote, kwa riba iliyo juu kidogo ya ile wanayomlipa mteja. Tuseme ni asilimia 12. Milioni 6 kwa siku 146 zilizobaki zingemgharimu riba ya 288,000. Lakini fiksi ingeendelea hadi mwisho na kumlipa 972,000 baada ya kodi. Akitoa gharama ya mkopo anabaki na 684,000.

Kwa upande mwingine, akivunja anapata 324,000, na zile milioni 6 asizozihitaji anaweza kuziweka upya kwa siku zilizobaki. Hata akipewa asilimia 6, zitamletea 129,600 baada ya kodi. Jumla ni 453,600. Kuvunja kumemgharimu shilingi 230,400 ambazo mkopo ungeziokoa, ilimradi mkopo huo hauna ada kubwa ya kuufungua. Ada hiyo aiulize mapema.

Mkopo si jibu la kila siku, hata hivyo. Kama dharura ingemkuta siku ya 73, tena akahitaji milioni 10, mkopo wa siku 292 ungekula riba ya 960,000, na katika zile 972,000 za fiksi angebaki na 12,000 tu. Hapo ni heri kuvunja, hata kama benki haitampa riba yoyote kwa kuwa hajatimiza miezi mitatu. Milioni 2 atakazobaki nazo, akiziweka upya kwa asilimia 9, zitamlipa 129,600. Siku zilizobaki ndizo zinazoamua: zikiwa chache kopa, zikiwa nyingi na hitaji ni kubwa, vunja.

Lakini dawa iliyo bora kuliko zote hupatikana siku ya kufungua akaunti. Badala ya fiksi moja ya milioni 12, mama angefungua nne za milioni 3, mradi kiwango cha riba kwa milioni 3 ni kilekile. Fremu ilipotokea angevunja mbili tu. Hizo zingemlipa 162,000 baada ya makato yote, na mbili zilizobaki zingefika mwisho na kulipa 486,000. Jumla ni 648,000, bila mkopo na bila kumwomba mtu. Maofisa wengi hawatamshauri hivyo kwa kuwa ni fomu nne badala ya moja, lakini akiomba ni nadra kukataliwa.

Mtego wa mwisho huwakuta hata wenye subira. Kwenye fomu kuna kisanduku kinachouliza fedha zifanyweje muda ukiisha, na mteja asipokijaza, au ofisa akakijaza kwa mazoea, fiksi hujifunga upya yenyewe kwa muda uleule. Mtu alingoja miezi yake 12 yote, akachelewa wiki mbili kwa safari ya msiba, akarudi kukuta ameshaingia mwaka wa pili. Sasa anaambiwa kuchukua fedha yake ni kuvunja. Kisanduku hicho kijazwe kwa mkono wa mteja mwenyewe, na tarehe ya kuiva iandikwe kwenye kalenda ya nyumbani.

Kwa aliyekwisha kukatwa na anaona hesabu haikufuata fomu aliyosaini, Tanzania ina Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, zinazoitaka benki kumweleza mteja masharti na makato kabla hajaingia mkataba. Malalamiko huanzia kwenye benki yenyewe, kwa maandishi, na nakala ya fomu pamoja na karatasi ya hesabu. Jibu lisiporidhisha, yanapelekwa Benki Kuu ya Tanzania.

Na wewe unayejiandaa kufungua fiksi wiki hii, usitie saini kabla ofisa hajakuandikia kwenye nakala yako ya fomu, kwa shilingi na si kwa asilimia, utaondoka na kiasi gani ukivunja baada ya miezi 2, baada ya 4 na baada ya 8. Ni kazi ya dakika tano kwenye kompyuta yake.