Tundu la kebo linapokufa: mashine ya gemu na barua ya waranti

Tundu la kebo ya mtandao nyuma ya mashine ya gemu lina vipini 8 vyembamba, vilivyopakwa dhahabu ili visishike kutu. Nyuma yake kuna vitransfoma vidogo, kisha chipu inayozungumza na ruta. Kebo inapochomekwa, chipu za pande zote mbili husalimiana kwanza, na taa ya ruta huwaka kabla data haijapita. Tundu lililokufa haliitiki salamu hiyo.

Hitilafu mbili huchanganywa mara kwa mara. Mashine ikijipa anwani inayoanza na `169.254`, salamu imeitikiwa lakini anwani haikutolewa. Hapo ruta ndiyo ichunguzwe kwanza. Mashine ikidai kebo haijachomekwa wakati imechomekwa, na taa ya ruta imezimika, ubovu umo kwenye waya, kwenye ruta au kwenye tundu lenyewe.

Chukua mashine iliyonunuliwa Kariakoo miezi 4 iliyopita, inayotumika kwenye banda la gemu Ilala. Baada ya mvua ya radi tundu limenyamaza. Mwenye banda anabadilisha kebo, taa haiwaki. Anahamia tundu jingine la ruta, bado. Anachomeka laptopu kwenye kebo zote mbili kwa zamu na taa inawaka, basi kebo na ruta ni nzima. Mashine ikiunganishwa kwa waifai inaingia mtandaoni bila shida, kwa hiyo si mipangilio wala akaunti. Limebaki tundu pamoja na chipu yake, na barua pepe kwa muuzaji inakuwa fupi:

"Habari za kazi. Mashine niliyonunua kwenu tarehe iliyo kwenye risiti haitambui kebo ya mtandao. Nimejaribu kebo mbili na matundu mawili ya ruta. Kebo hizohizo zinafanya kazi kwenye laptopu. Waifai ya mashine ni nzima. Haijafunguliwa, stika iko salama. Naambatanisha picha ya risiti, namba iliyo nyuma ya mashine, picha ya tundu na video ya taa ya ruta. Naomba itengenezwe au ibadilishwe chini ya waranti."

Picha ya tundu ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa: ipigwe kwa tochi, vipini vyote 8 vionekane vimenyooka, maana kipini kilichopinda ni dalili ya kuchomeka kwa nguvu, na muuzaji anaweza kukataa. Risiti ya EFD nayo hupigwa picha siku ya ununuzi, kwani maandishi yake hufifia kwa joto.

Radi ndiyo kikwazo kigumu zaidi. Inaweza kuua chipu bila kuacha alama nje, na waranti nyingi haziifidii. Kwa hiyo mvua ile, ambayo barua ya hapo juu haikuitaja, nayo iongezwe, pamoja na hali ya vifaa vingine vilivyokuwa kwenye ruta hiyohiyo. Fundi wa mtaani asiifungue mashine kabla jibu halijaja, maana stika ikichanika dai linaweza kukataliwa.