Kuomba Tena Kazi Pale Walipokukataa

Kampuni iliyokunyima kazi inapotangaza nafasi nyingine, waombaji wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaokaa kando kwa aibu, na wapo wanaotuma barua kana kwamba hawajawahi kufika pale. Hawa wa pili ndio wanaojiweka pabaya zaidi. Siku hizi maombi mengi hupokelewa kwa mfumo wa kompyuta au kwa baruapepe. Afisa rasilimali watu akitafuta jina lako, anaweza kukuta wasifu wako wa zamani pamoja na maoni ya waliokusaili. Akiona tarehe za ajira au cheo chako vinatofautiana na vya wasifu mpya, atashuku vyote viwili.

Kabla ya kuandika, jiulize ulikwamia wapi. Kama ulichujwa kwenye makaratasi bila kuitwa, hakuna haja ya kusimulia lolote katika barua. Ila fomu ikiuliza kama uliwahi kuomba hapo, jibu ukweli. Kama ulifika kwenye usaili, litaje jambo hilo, maana kuitwa tu kulionyesha kwamba sifa zako za msingi ziliwatosha. Sababu ya kukataliwa mara nyingi haisemwi. Unaweza kujibu barua yao kwa shukrani na kuuliza ni eneo gani ungepaswa kuliimarisha, ingawa wengi hawatajibu. Ndiyo maana inafaa jioni ileile ya usaili uandike maswali yaliyokutoa jasho.

Tuchukue mfano wa dada aliyeomba kazi ya mhasibu msaidizi katika kampuni ya usambazaji bidhaa jijini Dar es Salaam, mwaka 2023. Kwenye usaili aliulizwa namna ya kuandaa ritani ya VAT na kufanya usuluhishi wa kibenki. Alijua nadharia ya darasani, lakini hakuwa amewahi kufanya kazi hizo kwa mkono wake. Hakuchukuliwa. Baadaye akapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na mwaka uliofuata kampuni ile ikatangaza nafasi ileile.

Barua yake ya pili, chini ya kichwa cha YAH, inaweza kuanza hivi: “Naomba nafasi ya mhasibu msaidizi mliyoitangaza. Niliwahi kusailiwa na kampuni yenu kwa nafasi hii mwaka 2023, na wakati huo sikuwa na uzoefu wa ritani za VAT wala usuluhishi wa kibenki. Tangu hapo nimefanya kazi kwa miezi 14 katika duka la jumla, ambako huandaa ritani ya VAT kila mwezi kabla ya tarehe 20 na kulinganisha daftari la fedha na taarifa za akaunti mbili za benki, pamoja na malipo ya lipa namba.”

Kukataliwa kumepewa sentensi moja tu, bila malalamiko na bila kuomba huruma. Sentensi inayofuata inaziba pengo lilelile lililoonekana, kwa kazi inayoweza kuthibitishwa kwa kumpigia simu mwajiri wake wa sasa, aliyemweka kuwa mdhamini. Angeandika kwamba “amekua sana kitaaluma”, msomaji asingepata cha kukagua. Angejaza vyeti vya kozi fupi za uongozi, pengo la VAT lingebaki wazi.

Akiitwa tena, swali la kwanza huenda likawa: “Mara ile hatukukuchukua. Sasa kuna nini kipya?” Hapo aeleze tukio moja. Kwa mfano, taarifa ya benki ilipopishana na daftari, aliikagua ankara moja baada ya nyingine mpaka akagundua hundi iliyoandikwa mara mbili. Anayesimulia kazi aliyoifanya kweli huweza kujibu hata maswali ya kuchimba, na hapo ndipo wasaili hutofautisha uzoefu na kukariri.

Njia hii ina mipaka yake. Nafasi ikitangazwa upya baada ya miezi miwili nawe huna jipya, barua ya pili itasomwa kama ya kwanza, afadhali usubiri. Kama walimchukua mtu mwenye sifa zaidi na wewe hukuwa na upungufu bayana, usibuni kosa la kujitubia. Taja tu kwamba mlikutana, kisha eleza ulichoongeza. Na aliyekataliwa kwa cheti cha kughushi hataokolewa na barua, hata iandikwe vizuri namna gani.

Kabla ya kutuma, weka barua ya zamani kando ya mpya. Ukiona kilichobadilika ni tarehe peke yake, usiitume.